Shajara ya mradi: simulizi za imla, Whisper, na vitambuzi vinavyobabaika

9 Agosti 2025: Kwa nini tumeanza

Jarida letu la mtaa hapa Mombasa linakusanya simulizi za wazee: wavuvi, mafundi wa vyombo, kina mama wa biashara ndogondogo. Wengi wao hawaandiki, wanasema. Wengine wanatutumia voisi noti za WhatsApp, wengine tunawafuata na maiki, kisha sauti inageuzwa maandishi kwa kompyuta na sisi tunahariri. Mwezi uliopita mfadhili mmoja aliturudishia simulizi ya mzee wa Likoni kuhusu upepo wa kusi. Kitambuzi chao, yaani programu inayokadiria kama maandishi yametoka kwa mtu au kwa mashine, kilisema ni ya mashine. Katika furushi lilelile, maandishi ambayo tulikuwa tayari tumeyatilia shaka sisi wenyewe yalipita bila neno.

Kusudi la shajara hii ni kufuatilia jambo moja: sauti ya mtu inapopita kwenye mashine ya kunukuu, ni kitu gani hasa kitambuzi kinasoma mwisho wa safari? Naweka amri na gharama ili mwenye jarida au mradi kama wetu aweze kurudia.

Vifaa ni maiki ya kubana shatini (Ksh 1,800), laptopu ya kawaida, na Whisper, modeli ya kunukuu sauti iliyotolewa bure na OpenAI Septemba 2022. Nauli ya kwenda kumrekodi mzee ni ndogo, kwa kuwa feri ya Likoni haimtozi mtu anayevuka kwa miguu.

16 Agosti 2025: Kitambuzi kinapima nini

Kabla ya kumlaumu mtu ilibidi tuelewe kipimo. Vitambuzi vinatofautiana, lakini vingi vinaegemea mambo mawili. La kwanza ni mshangao: modeli ya lugha inapewa maandishi na kuulizwa, kwa kila neno, ilikuwa na matumaini kiasi gani kwamba neno hilo ndilo linalofuata. La pili ni jinsi sentensi zinavyopishana, ndefu kwa fupi. Mashine huwa inachagua maneno yanayotarajiwa na kupanga sentensi za urefu unaokaribiana, kwa hiyo mshangao mdogo na mwendo sawasawa husomwa kama alama ya mashine.

Hesabu yake ni rahisi kuliko jina lake. Chukua maneno matatu ambayo modeli iliyapa uwezekano wa 1/2, 1/4 na 1/8. Ukiyazidisha unapata 1/64, mzizi wake wa tatu ni 1/4, uugeuze juu chini na mshangao ni 4. Sasa badilisha neno la mwisho tu, weka neno ambalo modeli hailijui vizuri na limepewa 1/512. Zao linakuwa 1/4096, mzizi wa tatu ni 1/16, na mshangao umepanda hadi 16. Neno moja geni limeupandisha mara nne. Mfano huu uwekwe akilini, maana ndio unaoeleza karibu kila kilichotupata baadaye.

Kwa anayetaka kupima mwenyewe, akiwa ameshaita `torch` na kupakia modeli yoyote ya lugha inayojua Kiswahili kama `model`, na kigawa-maneno chake kama `tok`:

```python
def mshangao(matini):
    ids = tok(matini, return_tensors="pt").input_ids
    with torch.no_grad():
        hasara = model(ids, labels=ids).loss
    return torch.exp(hasara).item()
```

Tahadhari: namba inayotoka hapa huwezi kuilinganisha na mpaka wa kutenga mtu na mashine uliowekwa kwa Kiingereza. Modeli iliyolishwa Kiswahili kidogo huvunja neno kama "nimewapelekea" vipande vingi, na mshangao wa kila kipande ni habari nyingine kabisa. Sisi tunalinganisha matoleo ya simulizi moja, kwa modeli moja, basi.

Kwamba kipimo hiki humwonea mtu si jambo jipya. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitisha insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, kwenye vitambuzi saba. Kwa wastani zaidi ya nusu zilisemwa ni za mashine. Msamiati wao ulikuwa mwepesi, mshangao ukawa mdogo. OpenAI nao walitoa kitambuzi chao Januari 2023, wakasema wenyewe kwamba kilikamata asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine na kuwasingizia watu asilimia 9, na Julai mwaka huohuo wakakiondoa. Hao wote, hata hivyo, walikuwa wakipima maandishi yaliyoandikwa. Yetu yamesemwa.

30 Agosti 2025: Sauti moja, maandishi matatu

Hapa ndipo mambo yalipofunguka. Tulichukua kipande kifupi cha yule mzee wa Likoni na kukiandika kwa njia tatu. Ya kwanza ni mkono: sikio, kalamu na subira, kila neno kama lilivyotoka.

"Sasa kusi ikingia, eeh, kusi ikingia wewe huendi mbali. Huendi. Yaani waona mawimbi kwa mato, mato yako mwenyewe, ukisema nende, basi nenda, lakini kurudi... kurudi ndio kazi."

Ya pili ni Whisper bila kuipa maelekezo yoyote zaidi ya lugha:

"Sasa kusi ikiingia, wewe huendi mbali. Yaani unaona mawimbi kwa macho yako mwenyewe. Ukisema uende, basi nenda, lakini kurudi ndio kazi."

Ya tatu ni programu ya imla ya simu, ya aina inayojigamba kwamba "inasafisha" maneno yako:

"Kusi ikiingia, huwezi kwenda mbali. Unaona mawimbi kwa macho yako mwenyewe. Unaweza kwenda, lakini kurudi ni kazi."

Hesabu maneno kwa sentensi. Mkono: 9, 1, 17. Whisper: 6, 7, 8. Simu: 5, 6, 6. Mzee ni yuleyule, pumzi ni ileile, na kufika toleo la tatu mwendo wake umenyooshwa kabisa.

Kilichotokea kwenye Whisper kina sababu. Matoleo yake ya kwanza yalifundishwa kwa saa 680,000 za sauti zilizookotwa mtandaoni pamoja na maandishi yake, na watu wanaoandika manukuu ya video huwa hawaandiki "eeh" wala neno lililorudiwa. Mashine imejifunza tabia hiyo. Tena sehemu yake inayoandika ni modeli ya lugha inayoongozwa na sauti: ikisikia kitu ambacho hakijakaa sawa na ilivyozoea, inakivuta kwenye kile inachokijua. "Mato" ya Kimvita ikawa "macho", "waona" ikawa "unaona", "ikingia" ikapata i yake ya shuleni. Kila neno lililokuwa na uwezekano wa 1/512 limebadilishwa na lenye 1/8. Tulipopima, mshangao ulishuka kutoka toleo la kwanza hadi la pili, na ukashuka tena hadi la tatu. Toleo tulilompelekea mfadhili lilikuwa la simu, tulilolihariri kidogo juu yake.

Angalia pia "nende". Mzee alisema "ukisema nende", yaani ukijiambia mwenyewe "niende". Whisper imeandika "uende", na maana imehama kutoka kwa mvuvi anayejishauri hadi kwa mtu anayeamrishwa. Kosa hili halina uhusiano na vitambuzi, lakini mhariri asilipite.

Tulimsomea mzee toleo la simu. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Huyu si mimi, mwanangu. Huyu ni mtu wa taarifa ya habari."

13 Septemba 2025: Kuizuia Whisper isisafishe

Lengo la awamu hii lilikuwa kupata manukuu ya kompyuta yaliyo karibu na yale ya mkono, kwa sababu kuandika saa nzima ya maongezi kwa mkono kunakula siku.

Whisper inapokea maneno ya kuiongoza, na ukiyajaza "eeh", "yaani" na maneno ya Kimvita, inaelekea kuyahifadhi. Amri ya kwanza ilikuwa hivi:

```
whisper mvuvi.wav --model large-v3 --language sw \
  --condition_on_previous_text False \
  --initial_prompt "Eeh, yaani, sasa, waona kwa mato, ndoo hapa, nende, nende wapi..."
```

Modeli kubwa inataka takriban GB 10 za kumbukumbu kwenye kadi ya michoro, na laptopu yetu haina kadi ya hivyo. Tulikodi kompyuta ya mbali kwa saa. Kwa kazi yote ya mwezi imetugharimu Ksh 1,350.

Matokeo yalituchanganya. Mwanzo wa faili ulikuwa mzuri mno, "eeh" zipo na "mato" ipo. Baada ya hapo mzee anageuka mwalimu wa sarufi hadi mwisho. Sababu iko kwenye namna Whisper inavyosoma sauti: kwa madirisha ya sekunde 30. Maneno ya kuongoza yanaingia dirisha la kwanza tu, na kwa kuwa tumeiambia isitegemee maandishi yaliyotangulia (ile `False`), dirisha la pili linaanza bila kumbukumbu yoyote. Kuweka `True` kulileta balaa lingine. Ikikosea mahali, kosa linabebwa mbele, na sentensi moja ikarudiwa mfululizo hadi tukazima.

Dawa ya kwanza tuliyojaribu ni kukata sauti vipande vya sekunde 25 kwa ffmpeg, kila kimoja kipewe maneno ya kuongoza. Mkasi wa saa haujui neno linapoishia. Maneno yaliyokatwa katikati yalizaa maneno mapya ambayo mzee hakuyasema. Dawa iliyokaa ni kukata kwa mkono kwenye vituo vya pumzi, ndani ya Audacity, kila kipande kisizidi sekunde 30. Matoleo mapya ya Whisper yana pia `--carry_initial_prompt True`, ambayo hupeleka maneno ya kuongoza kwenye kila dirisha. Tukiwa na faili ndefu tunatumia hiyo.

Mambo mawili ya kuangalia hapa. Moja, maneno ya kuongoza yanavuta. Mahali fulani mzee alisema "moto" na mashine ikaandika "mato", kwa sababu tulikuwa tumelipendekeza. Kila neno la lahaja linalotokea kwenye manukuu lazima lirudishwe kwenye sauti na kusikilizwa.

La pili linahusu ukimya. Mzee huwa ananyamaza kunywa kahawa. Kwenye kimya kirefu Whisper haipendi kuacha karatasi tupu. Huweza kuandika maneno ya kuagana ya video, ya kushukuru kwa kutazama, ambayo hakuna aliyeyasema. Hebu fikiria: sentensi hizo ni za mashine kweli kweli, zimekaa ndani ya simulizi ya mtu. Kitambuzi kikizinusa, kimepatia na kimekosea kwa wakati mmoja. Tunakata vimya vyote virefu kabla ya kunukuu, na tatizo limekwisha.

27 Septemba 2025: Upande wa pili, mashine inayopita kama mtu

Tulitoa kwenye programu ya kuzalisha maandishi simulizi ya kubuni kuhusu uvuvi wa kaskazi, aya kadhaa, Kiswahili safi. Maandishi yenyewe yalipopimwa, mshangao ulikuwa chini, na kitambuzi cha mtandaoni kilikisia mashine. Hapo kilipatia.

Kisha kijana mmoja wa jarida akayasoma kwa sauti kutoka kwenye karatasi, na tukanukuu kwa Whisper ya kawaida. Maneno yalirudi karibu yote kama yalivyokwenda, nukta na mikato pia, na alama ikabaki ya mashine. Tulidhani sauti ingebadilisha kitu. Haikubadilisha.

Tukachukua nakala hiyohiyo, tukaondoa herufi kubwa na alama zote za uandishi, kama manukuu ya baadhi ya programu yanavyotoka. Hatukubadilisha hata neno. Mshangao ulipanda na kitambuzi kikasema mtu. Modeli za lugha zimezoea maandishi yenye nukta. Mahali ilipotarajia nukta pakaja neno jingine, na kila mahali pa namna hiyo ni 1/512 nyingine. Upimaji wa sentensi nao umevurugika, kwa kuwa hakuna sentensi za kuhesabu.

Mara ya tatu kijana alisoma karatasi, akaiweka chini, akasimulia alichokumbuka huku maiki ikiwa karibu na feni. Hapa palikuja "eeh", kurudiarudia, na maneno kadhaa yaliyosikika vibaya. Kitambuzi kilikuwa na uhakika kabisa kwamba ni mtu. Na sijui tukikatalie kwa hoja gani: mawazo na mpangilio vilikuwa vya mashine, maneno kwa sehemu kubwa yalikuwa ya kijana. Feni ilichangia pia. Makosa ya kusikia yaliyoletwa na kelele yalihesabiwa kama ubinadamu.

Ukiweka majaribio haya kando ya yale ya Agosti, picha inaonekana. Mzee aliyesema kwa kinywa chake aliitwa mashine kwa sababu ya tabaka lililosafisha. Karatasi ya mashine iliitwa mtu kwa sababu ya tabaka lililochafua. Katika pande zote mbili kitambuzi kilikuwa kinasoma kazi ya mnukuzi, wala si ya msemaji.

11 Oktoba 2025: Kusikiliza badala ya kupima

Kama maandishi hayawezi kusema, sauti je? Mtu anayesoma hupumzika penye mikato na nukta. Anayezungumza papo kwa papo husita pia katikati ya kifungu, mara nyingi kabla ya neno analolitafuta, na hujirekebisha: "alikuja juzi, la, siku ya soko". Tuliomba Whisper itoe muda wa kila neno:

```
whisper kipande_04.wav --language sw --word_timestamps True --output_format json
```

Tukaangalia mapengo kati ya neno na neno. Kijana aliposoma karatasi, mapengo makubwa yaliangukia mwisho wa sentensi karibu kila mara. Kwa mzee yalikuwa yametapakaa. Kipande kimoja kina pengo kubwa kati ya "nikaona" na "papa", na ukisikiliza unajua kwamba alikuwa anaamua kama amwite papa au kitu kingine.

Mipaka yake ni hii. Muda anaoutoa Whisper ni wa kukadiria. "Eeh" iliyofutwa hugeuka kuwa pengo, au neno la jirani linavutwa kuijaza, kwa hiyo hatuamini pengo lolote kabla ya kusikiliza. La muhimu zaidi, mtu anayesoma si lazima awe mdanganyifu. Bi mmoja wa Kibokoni aliandika kumbukumbu zake kwenye daftari mwaka mzima kisha akatusomea. Mapengo yake ni ya msomaji mtupu, na daftari tumeliona. Tunatumia mapengo kuamua swali gani la kumuuliza mtu, na hatuandiki alama yoyote kwenye jalada lake.

25 Oktoba 2025: Utaratibu tuliobaki nao

Kila simulizi sasa ina folda yenye sauti asilia isiyoguswa, manukuu ghafi ya Whisper yenye maneno ya kuongoza, nakala iliyorekebishwa kwa kusikiliza, na toleo la kuchapishwa. Mhariri akiunganisha sentensi au kuondoa "yaani", badiliko linaonekana ukilinganisha faili mbili. Programu za imla zinazosafisha tumeziacha. Kwa voisi noti tunaomba faili ya sauti yenyewe, si maandishi ambayo simu ya mtumaji imeyatoa, maana hayo hatuwezi kuyarudisha yalikotoka.

Swali letu kwa mwenye kazi limebadilika pia. Hatuulizi tena kama ametumia mashine, kwa kuwa aliyetumia imla ametumia. Tunauliza maneno yalianzia wapi: kinywani, daftarini, au kwenye programu.

Mfadhili tulimpelekea folda nzima ya mzee wa Likoni. Walisikiliza sauti, wakaikubali simulizi, ila wakataka "mato" iwekewe maelezo chini ya ukurasa. Kitambuzi bado wanakitumia kwa insha zilizoandikwa. Kwa za imla wamekubali kupokea sauti.

Gharama hadi leo ni maiki Ksh 1,800, kompyuta ya kukodi Ksh 1,350, bando la kupakia faili Ksh 900. Jumla Ksh 4,050, bila kuhesabu saa za kusikiliza, ambazo ndizo ghali kuliko vyote.

Zinazosubiri ni rekodi za Kisauni, ambapo wasemaji wanachanganya Kiswahili na Kigiriama ndani ya sentensi moja. Maneno ya kuongoza ya Kimvita hayafai huko: katika kipande cha majaribio Whisper iliyageuza maneno ya Kigiriama kuwa Kiswahili kinachosomeka vizuri na kisichokuwa na maana yoyote. Tunatafuta mtu wa kunukuu dakika chache kwa mkono kwanza, ili tupate cha kulinganishia.